Pamba Hurudi kwa Urefu: Kiasi cha Kuongeza Kabla ya Kukata

"Shikamoo mama. Niko Mafinga, ni katibu wa kwaya yetu. Nilinunua kitambaa cha pamba mita tatu nikashonewa gauni refu, likanikaa vizuri mno. Nilipolifua mara moja tu likapanda vidole vinne, na zipu ikajikunja mgongoni. Fundi anasema ni kitambaa, muuza duka anasema ni fundi. Sasa kwaya inataka sare ya pamba kwa kinamama 18, na wanaume wanataka tisheti. Ninunue mita ngapi? Na kina baba niwaambie wachukue saizi moja juu?"

Marahaba mwanangu. Kama ungenilazimisha nijibu leo bila kukishika kitambaa chenyewe, ningesema mita 3 na sentimeta 20 kwa kila mama, na kifuliwe kabla mkasi haujakigusa. Kuhusu tisheti, usiwaambie wote wachukue saizi moja juu. Wengine watapata nguo pana kama gunia, na tumbo bado litaonekana wakinyoosha mikono kuimba. Majibu haya mawili yana chanzo kimoja, na ukikielewa hutahitaji kuniuliza tena kwa kitambaa kingine. Pamba hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Wengi hudhani uzi wa pamba wenyewe unakuwa mfupi ukiingia majini. Kwa kweli uzi hupungua kidogo sana. Kinachotokea ni hiki. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, ambazo wafumaji huziita mtande, hufungwa kwenye mashine zikiwa zimevutwa kwa nguvu. Zile zinazopita kwa upana, mshindio, hupitishwa katikati yake. Kisha kitambaa huoshwa, hupakwa rangi na kukaushwa kiwandani huku kikiendelea kuvutwa kwa urefu, maana ndivyo kinavyosafiri kutoka mashine moja hadi nyingine. Kinapofika dukani kimeviringishwa kwenye jora kikiwa bado kimenyooshwa, na wanga waliokipaka umekigandisha katika hali hiyo.

Sasa wewe unakiloweka. Wanga unatoka. Pamba inakunywa maji na kila uzi unavimba, unakuwa mnene. Fikiria mkeka ambao miyaa inayopita kwa upana imenenepa ghafla. Miyaa inayokwenda kwa urefu italazimika kupanda juu zaidi na kushuka chini zaidi ili kuizunguka. Urefu wake haujabadilika, ila sehemu kubwa zaidi imetumika katika kupanda na kushuka, kwa hiyo mkeka wote unakuwa mfupi. Kitambaa kikikauka uzi hunywea tena, lakini hakuna kitu cha kukivuta kirudi kilivyokuwa. Kimekaa mahali pake pa raha. Na kwa kuwa kiwandani mtande ndio uliovutwa kuliko mshindio, urefu ndio unaorudi zaidi.

Gauni lako linathibitisha hilo. Vidole vinne ni kama sentimeta 7. Gauni la sentimeta 130 likipoteza 7, limerudi kwa zaidi kidogo ya asilimia 5, na hicho ni kiasi cha kawaida kabisa kwa pamba iliyofumwa ambayo haikufupishwa kwanza kiwandani. Hukusema kama limekubana kifuani, na nadhani ni kwa sababu halijakubana sana. Kwa upana, kitambaa cha namna hiyo mara nyingi hupoteza asilimia 1 au 2 tu.

Na ile zipu iliyojikunja ndiyo inayonieleza ni nani aliyekosea. Mkanda wa zipu si wa pamba. Umetengenezwa kwa nyuzi za plastiki ambazo hazirudi. Kitambaa kimepungua, zipu imebaki na urefu wake, kwa hiyo imetafuta pa kwenda na ikajikunja. Bitana nayo ni hivyo hivyo. Ukiona gauni lenye bitana inayochungulia chini ya pindo baada ya kufuliwa, si kwamba bitana imeongezeka, ni pamba ya juu iliyopanda. Hata uzi mwingi wa kushonea wa siku hizi hauna pamba, ndiyo maana mishono ya nguo iliyorudi huwa na vikunyanzi vidogo vidogo ambavyo pasi haiviondoi. Muuza duka alikuuzia pamba kama pamba ilivyo. Fundi ndiye alitakiwa akuulize, "Umeshakifua?" Nasema hivi nikiwa fundi mwenyewe, na sisemi kwa kumdharau mwenzangu.

Miaka yangu ya mwanzo hapa Mwanjelwa niliwahi kuletewa popilini nyeupe nimshonee baba mmoja shati la harusi ya binti yake. Alikuwa na haraka, nami nilitaka kumridhisha, nikakata siku hiyo hiyo. Shingo yake ilikuwa sentimeta 38. Kola nikaikata ikifuata urefu wa kitambaa, kama nilivyofundishwa. Shati lilimpendeza siku ya harusi. Wiki iliyofuata alilirudisha limefuliwa, kola imebaki sentimeta 36, kifungo hakifiki kwenye tundu lake. Mabega na kifua havikuwa na tatizo lolote. Sentimeta mbili tu, lakini zilikuwa kwenye shingo ya mtu. Nilimnunulia popilini nyingine kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo sikati pamba ambayo haijaona maji.

Sasa tuje kwenye sare yenu, maana hapo ndipo fedha nyingi inapoweza kupotea.

Kabla ya kununua jora, nunua nusu mita. Usichukue kipande cha sampuli anachokupa muuzaji bure, kwa sababu huenda kimetoka kwenye jora lingine, na majora mawili yenye ua lile lile na rangi ile ile yanaweza kurudi tofauti. Mwambie akukatie kwenye jora lile lile mnalotaka kulichukua na aliwekee alama. Muuzaji akijua anangoja wateja 18, atakubali kulitunza siku chache.

Nyumbani, au kwa fundi wako, piga zigizaga kwenye zile pande mbili zilizokatwa zisifumuke. Halafu tia alama kwa sindano na uzi wa rangi nyingine, mishono miwili mitatu tu kila mahali. Usitumie kalamu, itafutika au itachuja. Kwa urefu, yaani sambamba na kingo za kitambaa zile ambazo hazifumuki, pima sentimeta 40 kutoka alama hadi alama. Fanya hivyo mahali patatu, kushoto, katikati na kulia, maana kitambaa kimoja hakirudi sawasawa kila mahali. Kwa upana pima sentimeta 100. Andika vipimo hivyo kwenye daftari.

Kisha kifue kipande hicho kama mtakavyozifua sare zenyewe. Hapa watu wengi hukosea. Wanaloweka sampuli kwenye maji baridi dakika kumi, wanaitoa, wanasema haijarudi. Maji ya baridi hufungua sehemu tu ya kile kitambaa kilichoficha. Joto la maji, kusugua, kukamua na pasi ya moto hufungua kilichobaki. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wake. Mwezi wa Februari unafua kwa maji ya bombani. Ikifika Juni au Julai, asubuhi ya Mafinga au Njombe hakuna anayetia mikono kwenye maji yale, watu wanachemsha. Nguo iliyotulia tangu Februari inapata maji ya moto kwa mara ya kwanza, inarudi tena, na mwenye nguo anashangaa kwa nini imesubiri miezi minne. Kwa hiyo sampuli yako ifue kwa maji ya moto kama yale mnayotumia wakati wa baridi, kwa sabuni ile ile, na uikamue kama unavyokamua siku zote.

Ikishakauka ipige pasi, lakini kwa kuibandika na kuinua, usiiburute. Pamba yenye unyevu ikiburutwa na pasi hunyooka, na itakudanganya kwamba haikurudi. Iache ipoe, kisha upime. Rudia yote hayo mara ya pili na ya tatu. Kufua kwa kwanza huchukua sehemu kubwa, kwa pili huongeza kidogo, kwa tatu karibu kinakuwa kimetulia.

Tuseme umepata hivi. Zile sentimeta 40 za urefu zimekuwa 38.4 baada ya kufua mara ya kwanza, 38.1 baada ya mara ya pili, na 38 baada ya tatu. Zile 100 za upana zimekuwa 98. Sentimeta 2 zilizopotea katika 40 ni sawa na 5 katika 100. Kitambaa chako basi kinarudi asilimia 5 kwa urefu na asilimia 2 kwa upana.

Fundi wenu amesema kila gauni linataka mita 3. Mita hizo ziwe zimebaki baada ya kufua, kwa hiyo gawanya 3 kwa 0.95, ambayo ndiyo sehemu inayosalia. Unapata mita 3.16. Kwa nini kugawanya na si kuongeza tu asilimia 5? Kwa kitambaa kinachorudi kidogo tofauti haionekani. Lakini kikirudi asilimia 10, kama marekani ile ghafi inavyoweza kufanya, ukiongeza asilimia 10 juu ya mita 3 unapata 3.30, nayo ikipungua asilimia 10 inabaki mita 2.97. Umepungukiwa na sentimeta 3. Kwa kugawanya ungenunua 3.34 na ungebaki na mita 3 zako kamili.

Turudi kwenye 3.16. Dukani hawakati kwa sentimeta moja moja, na mkasi wa muuzaji haufuati uzi ulionyooka kila mara, kwa hiyo chukua 3.20. Kwa kinamama 18 ni mita 57.6. Nunua 58. Bila kuhesabu marudio mngenunua 54, na kila gauni lingepungukiwa na sentimeta 15 za kitambaa kabla hata fundi hajaanza.

Upana nao usiusahau kwa sababu tu ni asilimia 2. Chukua kitambaa chenye upana wa sentimeta 114. Kikirudi kinabaki kama 111.7. Kama fundi alipanga kuweka kipande cha mbele na cha nyuma ubavu kwa ubavu, kila kimoja sentimeta 56 kwa chini, anahitaji 112. Hazipo. Mafundi wengi hapo huiba kwenye mshono, yaani anapunguza ile sehemu ya kushonea, na baada ya miezi michache gauni linapasuka ubavuni. Kama vipande ni vyembamba juu na vipana chini, anaweza kugeuza kimoja kichwa chini vikaingiliana vizuri. Ila kama ua la kitambaa lina juu na chini, ndege au taa au maandishi, nusu ya kwaya itakuwa na ndege wanaoning'inia kichwa chini. Kwa hiyo mpe fundi upana uliobaki baada ya kufua, si ule wa dukani, na apange vipande vyake kwa upana huo kabla hujalipa fedha za mita 58. Huenda akakuambia anahitaji mita 3.20 kwa kila mama badala ya 3, nawe utagawanya upya.

Mkishanunua, kateni vipande 18 vya mita 3.20, kila kimoja kipigwe zigizaga kwenye ncha, na vifuliwe vyote pamoja kwa namna moja. Nakusihi sana kwenye hili la pamoja. Nimeshaona kikundi kinagawiwa vitambaa, kila mama anaambiwa akafue kwake. Mmoja akaloweka kwenye maji baridi na kuanika, mwingine akachemsha, mwingine hakufua kabisa ila alisema amefua. Magauni yalishonwa kwa kipimo kimoja kutoka chini, pindo zote zikiwa juu ya kisigino kwa usawa mmoja. Baada ya mwezi, safu ya mbele ilikuwa na pindo za ngazi ngazi, na hakuna aliyejua tatizo limetoka wapi. Chagueni Jumamosi moja, mabeseni matatu manne, maji ya moto, na kitambaa kilowekwe kikiwa kimekunjwa kwa ulegevu ili maji yapenye hadi katikati. Kikifungwa kama furushi, tabaka za ndani hazilowi vizuri na zinabaki hazijarudi. Kwa hii kazi ya awali mara moja kwa maji ya moto inatosha kwa vitambaa vingi. Mara mbili ni bora kama sampuli yako ilionyesha kushuka kwa kuonekana kati ya kufua kwa kwanza na kwa pili.

Kuanika nako kuna kosa lake. Kitambaa cha mita 3 kilicholowa ni kizito. Ukikining'iniza kwa ncha moja, uzito wa maji unakivuta kwa urefu na kukinyoosha upya, ile ile kazi ya kiwandani, halafu kitarudi baada ya gauni kushonwa. Kitupie juu ya kamba katikati, na ikiwezekana tumia kamba mbili sambamba uzito ugawanyike. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kitambaa kizito huku kwetu kinaweza kuchukua siku mbili kukauka. Hesabu siku hizo kabla hujamwahidi mchungaji tarehe ya kuzindua sare.

Sijakuuliza ni pamba ya namna gani, na inabadilisha hesabu. Popilini na vitenge vya pamba vilivyobanwa vizuri kwenye ufumaji hurudi kwa wastani, asilimia 3 hadi 5. Kitambaa chepesi kilicholegea, ambacho dukani kinasimama wima kwa wanga, ndicho cha kuogopwa. Kisugue kati ya viganja viwili, na kama unaona unga mweupe au kinalainika ghafla, jua wanga ndio uliokuwa unakushawishi. Batiki iliyotengenezwa kwa mikono ina nafuu kubwa, kwa sababu ilichemshwa kuondoa nta, kwa hiyo sehemu kubwa ya kurudi imeshatokea kwenye sufuria ya mtengenezaji. Tetroni, ile ya sare za shule iliyochanganywa na plastiki, hurudi kidogo sana, na vitenge vya plastiki tupu havirudi.

Kama huna uhakika unachouziwa ni pamba, omba nyuzi chache za ukingoni uziwashe kwa kiberiti, nje, mbali na jora. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Plastiki inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hutoa vyote viwili.

Kuna pia pamba iliyokwisha kufupishwa kiwandani. Mmarekani Sanford Cluett, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndiye aliyeleta namna ya kukilowesha kitambaa kwa mvuke na kukibana juu ya mkanda mnene ulionyooshwa. Mkanda ukijikunja, unakisukuma kitambaa kijikusanye kwa urefu. Kinafanyiwa kwa makusudi kile ambacho beseni lako lingekifanya. Kitambaa cha hivyo hubaki na kurudi kwa asilimia 1 hivi. Ukiona kwenye ukingo au lebo neno linaloanza na Sanfor, ndilo jina lake hilo. Bado nakifua kabla ya kukata, ila siongezi mita.

Sasa kina baba na tisheti zao. Tisheti haikufumwa kwa mtande na mshindio, imesukwa kwa vitanzi vidogo vidogo kama sweta nyembamba. Vitanzi huvutwa kwa urefu kiwandani na kuwa virefu na vyembamba. Vikilowa na kusuguliwa hujirudia umbo lake la duara, kwa hiyo tisheti hufupika na wakati mwingine hupanuka kidogo. Tisheti ya pamba tupu kurudi asilimia 5 kwa urefu si jambo la ajabu, na za bei ya chini huzidi hapo.

Linganisha hilo na saizi inavyokwenda. Kutoka saizi moja hadi inayofuata, watengenezaji wengi huongeza kama sentimeta 5 kuzunguka kifua, lakini urefu huongezeka sentimeta 2 hivi tu. Tisheti ya urefu wa sentimeta 70 ikirudi asilimia 5 inapoteza sentimeta 3.5. Baba aliyepanda saizi moja ameongezewa 2 kwa urefu, bado anadaiwa 1.5, na kifuani amebeba sentimeta 5 ambazo hakuzihitaji. Mabega yake yameshuka hadi kwenye mikono. Ndiyo maana nasema saizi ya juu haitibu ugonjwa huu, inatoa upana wakati kilichopotea ni urefu.

Badala ya herufi ya saizi, wapime kwa futi kamba. Kila baba alete tisheti yake ya zamani inayomkaa vizuri, iliyokwisha fuliwa mara nyingi. Itandaze mezani bila kuivuta. Pima kutoka juu ya bega, pale linapokutana na shingo, hadi kwenye pindo, halafu kutoka kwapa hadi kwapa. Tuseme ni 68 na 52. Mpya unayoitafuta iwe na urefu wa 68 kugawanya kwa 0.95, yaani 71.6, na upana wa 52 au 53. Ukifika dukani na futi kamba, utakuta tisheti za mtengenezaji mmoja saizi ya kati zina urefu wa 69 na za mwingine zina 72. Chagua mtengenezaji kwanza, saizi baadaye. Kama hakuna yenye urefu huo ila kwa saizi kubwa, hapo sawa, panda saizi, na fundi atapunguza mbavu baada ya kufua mara mbili. Nguo kubwa inapunguzika. Fupi haina dawa.

Kama mnanunua kwa wingi na kuchapisha jina la kwaya kifuani, nunueni moja kwanza muifue mara tatu, kabla ya kuchapisha, kama ile nusu mita ya kinamama. Na kama mnataka tisheti za mchanganyiko wa pamba na plastiki, hizo zitarudi kidogo tu, mnachukua saizi zenu za kawaida. Mitumba ya Mwanjelwa au ya soko lenu pale imeshafuliwa na mwenyewe wa kwanza, kilichotakiwa kurudi kimerudi, kwa hiyo ijaribu mwilini na uiamini. Suruali ya jinzi mpya ndiyo ninayoionya zaidi, kwa sababu watu wanainunua asubuhi na mchana wako kwangu nikate chini. Siikati. Namwambia akaifue mara mbili, airudishe, ndipo tupime pindo akiwa amevaa viatu.

Wengine watakushauri uloweke kitambaa kwenye chumvi ili kisirudi. Chumvi haina uwezo huo. Kilichovutwa kitarudi, chumvi iwepo isiwepo.

Limebaki gauni lako. Fungua pindo uone kuna kitambaa kiasi gani ndani. Kama fundi aliacha sentimeta 5, teremsha 4 na ile 1 iliyobaki uifunge kwa ukanda mwembamba wa kitambaa kingine kwa ndani. Alama ya pindo la zamani hupungua ukiipiga pasi juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji yenye siki kidogo, lakini jaribu kwanza sehemu ya ndani usije ukaharibu rangi. Zipu ifumuliwe kabisa, gauni lipigwe pasi likiwa na unyevu bila kuburuta, halafu zipu ile ile irudishwe, ikipunguzwa kwa juu ilingane na urefu mpya wa mgongo. Ukilivuta gauni likiwa na unyevu huku unapiga pasi utapata sentimeta moja au mbili za kuvaa Jumapili, ila zitaondoka tena likifuliwa. Kama pindo halina akiba, tafuta kitambaa cha rangi inayolingana, kifue kwa maji ya moto kwanza, ndipo uongeze ukanda wa sentimeta 8 chini. Ukanda usiofuliwa utarudi peke yake na kulikunja gauni lote kwa chini.

Kwa magauni mapya, mwambie fundi aache pindo la sentimeta 5 kwa kila mama hata baada ya kufua. Kile kidogo kinachobaki kurudi katika miezi ya mbele kitatoka humo.